Vijembe vya Meiske na Wifi Yake Kwenye Risiti

Meiske Lumowa hajui kunong'ona. Alipokuwa msichana aliuza tiketi kwenye dirisha la sinema kule Tondano, na waliomjua wakati huo husema sinema ile haikuhitaji bango. Ukipita barabarani tu ulisikia kutoka dirishani filamu gani inaonyeshwa, nani anampenda nani, na kama una bahati mbaya, nani anakufa mwishoni. Jopie, fundi pikipiki wa hapa Tomohon, mtu anayeongea kama vile maneno yanauzwa, alirudi kuangalia filamu moja mara kadhaa bila kuielewa, kwa sababu macho yake yalibaki dirishani. Wakaoana, na sinema ikafungwa baadaye kidogo. Meiske husema ilifungwa kwa ajili ya huzuni ya kumkosa.

Akapanda na mumewe huku kwetu mlimani, ambako asubuhi ukungu wa mlima Lokon unashuka mpaka kwenye kamba za nguo. Alikuta baridi, akaizoea. Alikuta wifi pia.

Huyo ni Deitje, dada yake Jopie. Mrefu, mwembamba, ulimi kama wembe mpya. Mama yao Jopie na Deitje, Bibi Nel, aliwafundisha mawifi wote wawili kupika wali wa manjano siku moja, jikoni kwake, kwenye sufuria moja. Tangu siku hiyo kila mmoja anaamini yeye ndiye aliyeelewa, na mwenzake alikuwa anachungulia dirishani. Meiske akafungua biashara ya asubuhi barazani kwake, wali umefungwa kwenye jani la woka, mtende wa kwetu, jodari wa kuchambuliwa juu, na kachumbari ya pilipili pembeni. Deitje akafungua yake nyumba ya nne kutoka hapo. Wanakutana kwenye kwaya ya kanisa kila Alhamisi, Meiske sauti ya kwanza, Deitje ya pili, na bado wanapigana vijembe kati ya ubeti na ubeti. Ukidhani wanachukiana umekosea. Deitje alipolazwa kwa nyongo, Meiske alilala kwenye kiti pembeni ya kitanda chake, na wauguzi wakalalamika kwamba wagonjwa wa chumba kizima hawalali kwa kucheka.

Haya ninayosimulia nimeyaona kwa macho yangu. Mimi ni Altje, muuza kahawa, na kwenye soko la shukrani za mavuno pale uwanja wa kanisa kibanda changu kilitazamana na vya kwao, ambavyo vilipakana, pazia tu katikati.

Mwaka ule kamati ilileta jambo jipya. Kila kibanda lazima kitoe risiti ya kuchapwa, kwa sababu mnunuzi angeandika jina lake nyuma ya risiti na kuitumbukiza kwenye sanduku la droo. Zawadi kubwa ilikuwa pikipiki ya umeme. Watu wa Tomohon hawajawahi kupenda risiti namna ile.

Binti yake Meiske, Grasela, anayefanya kazi Balikpapan, akamtumia mama yake printa mbili ndogo za mkononi, moja yake na moja ya shangazi. Zilifika jioni ya kuamkia soko. Nilikuwepo, nimepeleka thermosi za kuazima. Zilikuwa za buluu zote mbili, zinafanana kama mapacha, kila moja inajaa kiganjani, na ndani inalala rola ya karatasi nyembamba.

Deitje alikuwa amekuja kuchukua yake, amesimama mlangoni mikono kiunoni. Grasela alikuwa kwenye simu ya video, anaelekeza.

"Mama, hizi hazihitaji hata wifi," akasema. "Unaunganisha na simu kwa bluetooth tu."

Meiske akageuka mlangoni. "Deitje, umesikia mtoto alivyosema? Wifi hahitajiki. Nenda nyumbani."

"Nipe kwanza printa yangu, ndipo nihitajike pengine."

Meiske akawasha ya kwanza kwa kubonyeza kitufe mpaka taa ikamweka. Kwenye simu, ndani ya ile programu ya mauzo, akagusa "Tafuta printa". Likaja jina moja: Printa-58. Simu ikaomba namba ya siri, akaweka sifuri nne kama kikaratasi kilivyosema, vikashikana. Akabonyeza "Jaribu kuchapisha". Printa ikalia kriii, ikatoa ulimi mrefu wa karatasi, mweupe pe. Hakuna hata nukta.

"Imechapisha kila ulipowahi kukaa kimya," Deitje akasema.

Jopie, ambaye alikuwa amekaa pembeni anakula, akainuka. Akachukua ile karatasi, akaikwaruza kwa ukucha upande mmoja, hamna kitu. Akaikwaruza upande wa pili, ukatokea mstari mweusi.

"Haina wino," akasema. "Ni joto. Upande huu ndio unaoungua. Mmeiweka kichwa chini." Akafungua kifuniko, akaigeuza rola, akakaa tena kula. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Safari hii risiti ikatoka na maandishi. Meiske akapiga kelele ya furaha mpaka mbwa wa jirani akajibu. Kisha akaishika printa ya pili.

"Hiyo ni yangu," Deitje akasema.

"Najua. Naijaribu. Nikikupa kitu kibovu utanisema mpaka Krismasi."

Akawasha ya pili, akatafuta, likaja tena jina lile lile, Printa-58, akaweka sifuri nne, akaichagua, akajaribu, ikachapa vizuri. Akaizima, akampa wifi yake, naye akaondoka kwenda kuiunganisha na simu yake mwenyewe. Hapo hakuna aliyegundua kitu, hata mimi. Sasa najua, kwa sababu Jopie alikuja kunieleza: programu ile hukumbuka printa ya mwisho uliyoichagua. Haikumbuki ipo mezani kwa nani. Na ya mwisho aliyoichagua Meiske ilikuwa imekwishatoka mlangoni chini ya kwapa la Deitje.

Wifi alipoondoka, Meiske akagundua kwamba mle kwenye mipangilio kuna nafasi ya kuandika ujumbe unaotokea chini ya kila risiti. Kumpa Meiske nafasi ya kuandika chochote anachotaka kwa wateja wote ni kama kumpa kipaza sauti. Alifikiri kidogo, akacheka peke yake, akaandika.

Asubuhi uwanja wa kanisa ulijaa kabla ukungu haujanyanyuka. Watu walikuja na makoti na vikapu, kwaya ya vijana inapiga marimba ya kolintang, moshi wa jodari unapita katikati ya vibanda. Mteja wa kwanza wa Meiske alikuwa mama mmoja wa Kakaskasen.

"Sahani mbili, na risiti yangu."

"Risiti inakuja, mama mzuri!" Meiske akagusa simu. Simu ikajibu: Imechapishwa. Printa yake ilikuwa mezani, taa inawaka, imetulia kama paka aliyeshiba. Akaitazama. Akagusa tena. Imechapishwa. Akaitikisa. Akagusa mara ya tatu.

Upande wa pili wa pazia nikasikia kriii, kriii, kriii.

Deitje alikuwa na foleni, amevaa miwani kichwani badala ya machoni. Yeye alipobonyeza ya kwake, na yenyewe ikatoka, akashangaa tu kwamba karatasi ni ndefu. Akachana kipande kimoja akampa mteja, akachana kingine akampa anayefuata. "Chukua, chukua, pikipiki hiyo." Mara simu yake ikamwambia haiwezi kuunganishwa na printa. Akaguna. Akajaribu tena, ikakubali. Hakujua kwamba printa ile haishiki simu mbili kwa wakati mmoja, na kwamba mara ile ilikuwa imeshikwa na Meiske.

"Altje!" Meiske akaniita kwa sauti iliyosimamisha kolintang. "Njoo uone! Mashine inasema imechapisha na haijachapisha! Inanidanganya mbele ya kanisa!"

Nikaenda. Nikaitikisa na mimi, maana ndicho nilichokuwa nakijua. Wateja wake wakaanza kunung'unika. Hakuna anayetaka kuikosa pikipiki kwa ajili ya wali. Meiske akawa anabonyeza, anabonyeza, anabonyeza, kama mtu anayegonga mlango wa choo.

Ndipo Mjomba Fentje, besi wa kwaya, mtu mwenye tumbo la heshima na sauti inayotoka chini ya ardhi, alipochukua risiti yake kwa Deitje. Yeye ni miongoni mwa wale watu wanaosoma kila kitu mpaka maandishi ya sanduku la kiberiti. Akasogeza karatasi mbali na uso, akasoma kwa sauti:

"Wali wa manjano, sahani mbili. Kibanda cha Meiske." Akasita. "Asante kwa kuja. Huu ndio wali wa Bibi Nel. Wa jirani ni rangi tu."

Foleni ikageuka kumtazama.

"Deitje," Mjomba Fentje akauliza kwa upole, "mbona printa yako inakutukana?"

Deitje akashusha miwani machoni. Akampokonya karatasi. Akasoma. Akaiangalia printa. Wakati huo huo printa ikalia kriii yenyewe, hakuna aliyeigusa, ikatoa nyingine: rangi tu. Na nyingine: rangi tu. Mama mmoja akaanza kusali. Nikaona Deitje anageuza kichwa taratibu kuelekea kwenye pazia, ambako sauti ya Meiske ilikuwa inasikika, "Nabonyeza tena! Subirini, nabonyeza tena!"

Mtu mwingine angevuta pazia na kupiga kelele. Deitje alikaa kwenye kiti chake, akavuta simu, akatafuta ile nafasi ya ujumbe, akaandika kwa kidole kimoja huku midomo ikimchezacheza. Akachapa moja, akaikunja, akampa Mjomba Fentje.

"Nenda hapo upande wa pili. Mwambie umeagizwa na jirani yake wa rangi."

Mjomba Fentje akazunguka pazia kwa mwendo wa mtu anayekwenda kumwaga petroli motoni. Mimi nikawa nimeacha kahawa yangu ichemke mpaka ichoke.

Meiske akaifungua. Ilikuwa na jina la kibanda cha Deitje juu, na chini imeandikwa: "Asante kwa kuja. Asubuhi nzima unachapisha kwenye printa yangu na unamaliza karatasi yangu. Je, wali nao unapikia kwenye sufuria ya nani?"

Niliona uso wa Meiske ukipita rangi zote za bustani ya maua. Kwanza hakuelewa. Kisha akaelewa. Kisha akaweka kiganja mdomoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutoa sauti, mabega tu yanaruka. Kisha sauti ikaja. Alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda, na kibanda kikacheka pamoja naye.

"Wifi!" akapiga kelele kupitia pazia. "Zimefika zote?"

"Zote!" Deitje akajibu. "Mpaka hizo ulizobonyeza kwa hasira!"

"Wateja wako wamezipata?"

"Wamo kwenye foleni ya droo na matusi yangu mkononi!"

Jopie alikuwa amefika. Akaichukua simu ya mkewe, akafungua orodha ya printa, akawaonyesha: Printa-58 na Printa-58, majina sawa, zinatofautiana kwenye tarakimu ndogo zilizo chini. "Hii ndiyo yako. Hii ya dada. Unagusa hii, imekwisha."

"Usiguse!" Meiske akasema.

"Wateja wako hawana risiti."

"Wataenda kuzichukua kwa wifi. Ni hatua chache. Watu wa mlimani hawa, wana miguu." Na macho yake yalikuwa yanang'aa namna ambayo Jopie aliijua vizuri, kwa sababu aliweka simu mezani akaondoka kimya.

Meiske akaandika upya. Upande wa pili printa ikalia, na safari hii foleni ya Deitje nzima ikainama kusoma: "Karatasi ni yako, maneno ni yangu. Endelea kunisomea, sauti ya pili."

Watu wakapiga makofi. Deitje akasimama, urefu wake wote.

"Hivi mimi sina njia ya kuingia kwake?" akaniuliza. "Altje, ya kwake imewashwa?"

"Imewashwa. Haina kazi tangu asubuhi."

"Namba yake ni sifuri nne kama yangu?"

"Zote zilitoka kwenye sanduku moja."

Deitje akatafuta kwenye simu yake. Printa ya Meiske ikajitokeza, haijashikwa na mtu, inasubiri yeyote. Sifuri nne. Ikakubali. Na ile printa ya Meiske, iliyokaa kimya kama bubu tangu alfajiri, ikaamka ghafla mezani ikatoa ulimi.

Meiske aliruka nyuma. Mteja mmoja akaivuta karatasi, akasoma kwa furaha ya mtu aliyeokota pesa: "Sauti ya kwanza kwaya nzima. Chumvi ya mwisho mji mzima."

Hapo uwanja ukachangamka kabisa. Fikiria mwenyewe: ukinunua kwa Meiske, risiti yako inatoka kwa Deitje. Ukinunua kwa Deitje, inatoka kwa Meiske. Kwa hiyo kila mtu alizunguka pazia kuifuata, na akishafika kule, na harufu ile ya tui na mchaichai inampiga usoni, anaona aibu kuchukua karatasi bure. Ananunua na pale. Basi risiti ya pili nayo inatoka alikotoka. Watu walizunguka lile pazia kama mchezo wa watoto, sahani mkononi, karatasi zinapepea, wanasomeana.

"Umepata ipi? Mimi nimepata ya mwanzi!"

"Mrefu kama mwanzi, na wali wake una kiini. Hiyo?"

"Hiyo! Wewe?"

"Mimi ya kaka. 'Kaka yangu alikuwa mnene kabla hajaoa.'"

"Nibadilishie, ninazo mbili za mwanzi!"

Hakuna aliyekumbuka pikipiki. Walikuwa wanakataa kuzitumbukiza kwenye sanduku, wanataka kwenda nazo nyumbani. Kamati ikamtuma Mchungaji Lidya aje kuona kwa nini mwisho ule wa uwanja una kelele na sanduku halina kitu. Mchungaji alikuja na uso wa kamati. Akapewa risiti. Akaisoma, akageuka akatazama mlima kwa muda, mabega yakimtikisika. Aliporudi akasema kwa sauti ya mimbarini, "Akina mama, tuko kwenye shukrani za Bwana," kisha akashusha sauti, "Nifungieni mbili za huku na mbili za kule."

Meiske alikuwa ametoka jasho kwenye baridi ile. Anapakua kwa mkono mmoja, anaandika kwa mwingine. Aliandika: "Huyo kaka aliyekonda anakula sahani ya tatu sasa hivi. Mwulizeni." Ikatoka kwa Deitje, Mjomba Fentje akaitangaza kwa besi yake, na watu wote wakaanza kumtafuta Jopie.

Walimkuta nyuma ya kibanda changu, amechuchumaa kati ya thermosi, ana sahani. Kweli ilikuwa ya tatu. Tatizo ni kwamba ilikuwa ya Deitje.

"Jopie!" Meiske akaita. "Huo wali wa nani?"

Jopie akatafuna, akameza, akafikiri. "Wa mama," akasema.

Jibu hilo liliokoa ndoa na undugu kwa pamoja. Sijawahi kumsikia akisema lingine zuri kama hilo.

Karatasi kwa Deitje ikaanza kutoka na mstari wa waridi pembeni, ishara kwamba rola inaishia, naye akaagiza kwa sauti, "Wifi! Umenimalizia karatasi! Tuma rola!" Rola ikaruka juu ya pazia. Akaidaka kwa mkono mmoja, akaiweka, upande wa kuungua juu, kama mtu aliyezaliwa na kazi hiyo.

Katikati ya hayo akafika Bibi Nel. Walimleta vijana wa kanisani kwa kiti cha magurudumu, amejifunga shali, meno yake ya bandia mfukoni kwa sababu hapendi kuyavaa kwenye baridi. Watu wakampisha. Akadai sahani ndogo ya kila upande, na risiti zote. Akaonja ya Meiske. Akaonja ya Deitje. Binti zake wote wawili, mmoja wa damu na mmoja wa ndoa, walisimama mbele yake, miiko mkononi, na kwa mara ya kwanza siku ile printa zote zilikuwa kimya.

"Mama, sema," Deitje akasema. "Nani kapatia?"

"Sema ukweli, mama," Meiske akasema. "Lakini ukumbuke nani anakukata kucha."

Bibi Nel akazisoma kwanza risiti, polepole, moja baada ya nyingine. Kwenye ile ya kaka mnene akacheka mpaka wakampigapiga mgongo. Kisha akauliza, "Hiki kidude kinaandika chochote?"

"Chochote, mama."

"Basi andikeni. Wote wawili, kila mtu kwenye simu yake." Akakohoa, akavuta shali, akawasomea imla neno kwa neno: "Mimi sikubuni wali huu. Nilimwibia jirani yangu wa Gorontalo, nikichungulia dirishani, na mchele sikuuelewa vizuri hata mimi."

Wakabaki wameduwaa, vidole hewani.

"Bonyezeni!" Bibi Nel akasema. "Nataka kusikia inavyolia."

Wakabonyeza pamoja. Printa mbili zikalia kriii kwa wakati mmoja, risiti ya Meiske ikitoka kwa Deitje na ya Deitje ikitoka kwa Meiske, maneno yale yale. Na kelele iliyopanda pale, sidhani kama uwanja ule umeisikia hata siku ya mpira. Mchungaji alikaa chini kwenye majani. Mjomba Fentje alisoma tangazo mara tatu kwa kuombwa. Meiske alimkumbatia mama mkwe, kisha akamkumbatia wifi yake na mwiko mkononi, wali ukaingia kwenye nywele za Deitje, Meiske akasema, "Sasa angalau kichwani una kitu kimeiva," na wakaanza tena.

Kabla ya saa sita mchana sufuria zote mbili zilikuwa tupu. Droo ilifanyika kwa shida, kamati ikipita kuwaomba watu risiti kama wanaomba sadaka. Pikipiki alishinda yule mama wa Kakaskasen, kwa risiti iliyosema wali wa jirani ni rangi tu, ambayo alikataa kuiachia mpaka aliporuhusiwa kuipiga picha.

Walipokwisha kufunga meza niliwapelekea kahawa. Pazia lilikuwa limeshushwa. Walikuwa wamekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, sufuria moja katikati yao, wanakwangua ukoko kwa vijiko, kwa sababu kutwa nzima hakuna aliyekumbuka kula. Jopie alikuwa na simu zote mbili magotini.

"Nizirudishe sasa?" akauliza. "Kila mtu na printa yake?"

"Thubutu," Deitje akasema, mdomo umejaa.

"Kesho asubuhi nikiuza barazani itakuwaje?" Meiske akauliza. "Nyumba nne, haitafika kule."

Jopie akatikisa kichwa. "Haifiki. Nguvu yake ni hatua chache tu, na ukuta mmoja."

Wakatazamana. Nikaona kile kitu machoni mwao, wote wawili, kikipanda.

"Barazani kwangu pana nafasi ya meza ya pili," Meiske akasema, kana kwamba anazungumzia hali ya hewa.

"Kwako pana mbu."

"Kwako pana wewe."

Deitje akakwangua kipande kikubwa cha ukoko, cha kahawia, kinachong'aa mafuta, akakivunja. Nusu kubwa akaiweka upande wake, ndogo upande wa wifi yake. Meiske akazibadilisha. Deitje akazibadilisha tena.

Jumatatu niliwakuta barazani, meza mbili na pazia jipya la maua katikati, foleni imefika kwa muuza matairi. Nilinunua kwa Meiske. Nikazunguka pazia kuchukua risiti.